Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mazoezi ya Kuoanisha Nahau na Methali na Maana Zake

Zoezi la aina hii hupima nini hasa?

Hupima mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachukulia kuwa moja: kwanza, kama mtahiniwa anaufahamu usemi uliotajwa, na pili, kama anaweza kuitenga maana ya usemi huo na maana nyingine zilizo jirani nayo. Jambo la pili ndilo gumu zaidi. Mtoto wa darasa la sita aliyekulia katika nyumba inayozungumza Kiswahili atakwambia bila kusita kwamba amewahi kusikia "kutia chumvi", lakini ukimwekea maana nne mezani, mbili kati yake zikiwa na harufu ya uongo, ataanza kusitasita.

Nchini Kenya, wanafunzi walikutana na maswali haya kwa miaka mingi katika mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ambapo kila swali lilikuwa na machaguo manne, A hadi D. Tanzania nayo imezoea kuyaweka katika mtihani wa Darasa la Saba, chini ya lugha ya kifasihi. Umbo la swali hubadilika kidogo kutoka mtihani hadi mtihani, ila mitego haibadiliki sana, na kwa hiyo majibu yafuatayo yameegemea zaidi kwenye mitego.

Je, nahau na methali zijibiwe kwa njia moja?

Hapana. Nahau ni fungu la maneno linalofanya kazi ya neno moja ndani ya sentensi, na kwa kawaida limejengwa juu ya kitenzi: kula njama, kufunga kibwebwe, kuvaa miwani. Kwa hiyo maana yake nayo huwa tendo au hali, na njia ya kuijaribu ni kuiweka mahali pa nahau katika sentensi ili kuona kama sentensi inasimama. "Alirudi nyumbani usiku akiwa amevaa miwani" ikigeuzwa kuwa "alirudi nyumbani usiku akiwa amelewa", kauli haipotezi kitu.

Methali haiwezi kujaribiwa hivyo kwa sababu yenyewe ni kauli kamili yenye hoja, na mara nyingi ina pande mbili: wazo hutangulizwa, kisha hukamilishwa. Maana ya methali, basi, sharti ibebe pande zote mbili. Chaguo linaloeleza upande mmoja tu, hata likiwa na ukweli ndani yake, ni la kutiliwa shaka.

Kwa nini chaguo linalofanana na maneno ya methali mara nyingi si jibu?

Kwa sababu mtungaji wa swali ameliweka pale makusudi. Katika machaguo manne, karibu kila mara mojawapo huwa ni maana ya juu, yaani maneno yale yale ya methali yaliyopangwa upya kwa Kiswahili chepesi. Mwanafunzi asiyeijua methali hulikimbilia kwa kuwa ndilo pekee linalotaja vitu anavyoviona katika swali.

Upo mtego mwingine unaofanana na huo ambao huwanasa hata watu wazima, nao hutokana na maneno na miundo ya zamani iliyobaki ndani ya methali. Chukua "Mchelea mwana kulia hulia yeye". Kuchelea ni kuogopa. Mchelea ni yule anayeogopa jambo lisitokee. Methali inamsema mzazi anayeogopa kumwadhibu au kumkataza mwanawe asije akalia, na mwisho wake mzazi huyo ndiye anayelia mtoto anapoharibika. Mwanafunzi asiyelijua neno hilo hulisikia kama kuchelewa, na mtungaji hodari atamwekea chaguo kama hili: "Anayechelewa kumpa mtoto malezi hujuta." Linakaribia sana, lakini kosa la mzazi wa methali si kuchelewa, ni woga wa kumuudhi mtoto.

Viambishi vya zamani huleta matatizo kama hayo. Katika "Kikulacho ki nguoni mwako", ile ki iliyosimama peke yake ina maana ya kipo. Asiyeitambua husoma methali yote kama maneno yaliyotawanyika, kisha hukisia. Dakika moja ya kuisoma methali kwa sarufi ya leo, yaani "kitu kinachokuuma kipo ndani ya nguo yako", humwokoa mtu na kisio hilo.

Naomba methali moja ifanyiwe kazi kuanzia mwanzo hadi jibu.

Tuchukue swali hili:

Methali "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu" ina maana gani?
A. Anayezurura ufuoni hawezi kushinda na njaa.
B. Mtu anayejishughulisha hakosi cha kumfaidi.
C. Mtu asidharau kazi yoyote anayopewa.
D. Hali ya mtu maskini haibadiliki kwa kuhangaika.

Hatua ya kwanza ni kuisoma methali neno kwa neno na kuhakikisha kwamba picha yake inaeleweka kabla ya kuyatazama machaguo. Kugaagaa ni kujibiringisha huku na huku, na hapa ni kuhangaika mahali bila kutulia. Upwa ni ile sehemu ya ufuo inayobaki wazi bahari inapokupwa, ambapo watu wa pwani hushuka kutafuta pweza, chaza, kaa na samaki waliosalia katika vidimbwi. "Hali" hapa ni kitenzi: ha-li, yaani yeye hali chakula hicho. Wali mkavu ni wali usio na kitoweo. Picha kamili, basi, ni ya mtu ambaye kwa kuwa hushuka upwani na kuhangaika huko, hakosi kurudi na kitoweo cha kulia wali wake.

Hatua ya pili ni kuondoa bahari na wali na kuuliza ni uhusiano gani unaobaki. Upande wa kwanza kuna mtu anayejitahidi. Upande wa pili kuna faida, hata iwe ndogo, inayomfikia kwa sababu ya jitihada hizo. Zingatia kwamba methali haiahidi utajiri. Inasema tu kwamba wali hautakuwa mkavu.

Hatua ya tatu ni kuyapima machaguo kwa uhusiano huo. A imebaki ufuoni; haijatoka kwenye picha, na kuzurura si kujitahidi. D imetungwa kwa ajili ya yule aliyeisoma "hali" kama nomino, ndiyo maana imeanza na neno hilo hilo, na juu ya hayo maana yake ni kinyume kabisa cha methali. C ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ni fundisho zuri na mtu anayeokota chaza anaweza kuonekana kama mtu asiyedharau kazi. Lakini iulize C swali moja: faida imetajwa wapi? Haimo. C imeubeba upande mmoja wa methali na kuuacha mwingine. B imebeba jitihada na faida, nayo ndiyo jibu.

Nifanye nini ikiwa machaguo mawili yote yanaonekana kuwa sahihi?

Tafuta mwelekeo wa methali. Machaguo mawili yanaweza kuzungumzia jambo moja huku yakielekea pande tofauti, na mfano ulio bora wa hili ni familia ya methali zinazohusu kidogo kidogo.

"Haba na haba hujaza kibaba" imetoka katika kipimo cha nafaka. Vibaba 4 hufanya pishi 1. Mwelekeo wake ni kuongezeka: vidogo vikikusanywa huwa vingi. "Chovya chovya yamaliza buyu la asali" inaelekea upande wa pili, kwa kuwa vidogo vikichukuliwa humaliza kikubwa. "Bandu bandu huisha gogo" ipo katikati, na kwa maoni yangu ndiyo inayosumbua kuliko zote. Gogo hupungua kama asali inavyopungua, lakini mara nyingine gogo lenyewe ni kazi ambayo mtu anataka imalizike, na kwa hiyo methali hutumika kumsifu mvumilivu. Mara nyingine gogo ni mali, na methali hutumika kumwonya mfujaji.

Sasa, ukiulizwa maana ya "Haba na haba hujaza kibaba" na kupewa "Akiba ndogo ndogo hatimaye huwa kubwa" pamoja na "Kazi kubwa humalizika ikifanywa polepole", usiseme yote mawili yanahusu subira. Jiulize kama katika methali kuna kitu kinachojaa au kinachokwisha. Kibaba kinajaa, na ni chaguo la kwanza tu lenye kitu kinachojaa.

Upande wa mwalimu, ni haki kusema kwamba swali linaloweka maana zote mbili za "Bandu bandu huisha gogo" bila kutoa muktadha ni swali bovu, na mwanafunzi akilikosa hana lawama.

Zoezi la kuoanisha orodha mbili lina mbinu yake?

Linayo, kwa sababu hapa kosa moja huzaa jingine. Ukimpa nahau ya kwanza maana isiyo yake, umemnyang'anya mwenye maana hiyo, naye atalazimika kuchukua ya mwingine. Ona zoezi hili, ambalo Orodha B yake ina maana mbili za ziada:

Orodha A
1. Kula chumvi nyingi
2. Kutia chumvi
3. Kula njama
4. Kupata jiko

Orodha B
a. Kuoa
b. Kupanga jambo ovu kwa siri
c. Kuongeza mambo yasiyo ya kweli katika maelezo
d. Kuishi miaka mingi
e. Kununua vifaa vya kupikia
f. Kuwagombanisha watu

Anza na ile unayoijua bila shaka, si lazima iwe ya kwanza. Kwa wengi, "kula njama" ndiyo iliyo wazi zaidi kwa kuwa magazeti huitumia kila mara katika habari za mahakamani. Iende na (b) na ufute zote mbili. Kisha zitazame zile mbili za chumvi kwa pamoja, maana zimewekwa pamoja ili zichanganywe. Katika "kutia chumvi" kuna kitu kinachotiliwa, yaani habari inayokolezwa ili ipate ladha kuliko ilivyo. Hiyo ni (c). Katika "kula chumvi nyingi" anayezungumziwa ni mlaji mwenyewe, ambaye amekula kwa miaka mingi hadi chumvi yake imekuwa nyingi. Hiyo ni (d), na ndiyo sababu hutumika kwa wazee kwa heshima. Anayeikosa ya kwanza kati ya hizi huwa anaikosa na ya pili, na hapo alama mbili zinakwenda kwa kosa moja.

Imebaki "kupata jiko". Maana ya (e) ni chambo cha maana ya juu. Jibu ni (a). Nahau hii husemwa kwa mwanamume tu, na mwanafunzi akiombwa kuitungia sentensi akaandika "Amina alipata jiko", atakuwa ameoanisha vizuri na kutumia vibaya. (f) haina mwenzake, na haipaswi kumsumbua mtu.

Je, nahau moja inaweza kuwa na maana mbili zinazokubalika?

Inaweza. "Kukata kauli" hutumika kwa maana ya kutoa uamuzi wa mwisho, na pia kwa maana ya kushindwa kusema kwa mgonjwa aliye katika hali ya kukaribia kufa. "Baada ya mjadala mrefu, kamati ilikata kauli" na "Tulipofika, mzee alikuwa ameshakata kauli" ni sentensi mbili zisizoweza kubadilishana maana hata kidogo. Swali likiwa limetoa sentensi, sentensi ndiyo hakimu. Likiwa limetoa nahau tupu, angalia machaguo: kwa kawaida mtungaji ameweka moja tu kati ya maana hizo, na "kukata roho" au "kukata shauri" hutumika jirani yake ili kumchanganya msomaji. Kukata shauri ni kuamua na kukata roho ni kufa, na hizo mbili hazina utata.

Nikiambiwa "eleza maana ya kitamathali", niandike nini?

Andika vitu vitatu kwa mpangilio huu: picha iliyo katika maneno, kitu ambacho kila sehemu ya picha inakisimamia, na kauli ya jumla inayotokana navyo. Sentensi nne au tano zinatosha. Walimu wengi hukutana na jibu la namna hii kwa "Usipoziba ufa utajenga ukuta":

"Methali hii ina maana kwamba tuwe tunaziba nyufa za nyumba zetu mapema ili zisianguke, na pia inatufundisha kuwa watu wazuri."

Nusu ya kwanza haijatoka katika maana ya juu. Nusu ya pili imeruka hadi kwenye fundisho pana mno, ambalo lingeweza kubandikwa kwenye methali yoyote ile. Linganisha na jibu hili:

"Ufa ukiachwa bila kuzibwa hupanuka hadi ukuta mzima ukaanguka, na mwenye nyumba akalazimika kujenga upya. Ufa ni tatizo au kosa dogo linapoanza. Kuziba ni kulirekebisha mapema. Kujenga ukuta ni gharama kubwa inayomfika mtu baada ya kupuuza. Methali inamwonya mtu asipuuze tatizo likiwa bado dogo, kwa kuwa baadaye litamgharimu zaidi."

Tazama sentensi tatu za katikati. Hizo ndizo zinazoonyesha kwamba mwandishi ameiona tamathali, kwani sentensi ya kwanza na ya mwisho zinaweza kuandikwa na mtu aliyekariri. Anayesahihisha akiwa na alama chache za kugawa, hapo ndipo anapostahili kuziweka.

Kwa nahau, maelezo huwa mafupi zaidi, na wakati mwingine picha yenyewe imefifia kiasi cha kutoeleweka leo. Usibuni asili. "Kufunga kibwebwe" ina picha iliyo wazi, ya mwanamke anayejifunga kanga kiunoni kabla ya ngoma au kazi ngumu, na kutoka hapo ni rahisi kufika kwenye maana ya kujiandaa kwa bidii. Pale ambapo picha haionekani, toa maana na sentensi ya matumizi, na uishie hapo.

Mbona methali nyingine hupingana? Nitajuaje iliyo sahihi?

"Haraka haraka haina baraka" na "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" zote ni sahihi, kila moja katika mahali pake. Zoezi la kuchagua maana halikuulizi unakubaliana na ipi. Linakuuliza methali iliyotajwa inasema nini. Ukijikuta unachagua jibu kwa sababu ni ushauri mzuri, simama na urudi kwenye maneno ya methali.

Mwalimu atungeje machaguo yasiyo sahihi?

Kila chaguo lisilo sahihi liwe na kosa linalojulikana, ili mwanafunzi akilichagua mwalimu ajue alipotelea wapi. Mgawanyo unaofaa kwa swali la machaguo manne ni jibu sahihi moja, maana ya juu moja, maana ya usemi jirani moja, na maana moja iliyogeuzwa au iliyobeba upande mmoja tu. Chaguo la kuchekesha lisilohusiana na chochote halimpimi mtu, kwani hakuna anayelichagua, na swali hubaki kuwa la machaguo matatu.

Machaguo yote yalingane kwa urefu na kwa sarufi. Ikiwa nahau ni "kupiga moyo konde" na jibu pekee lililoanza kwa "ku-" ni "kujipa ujasiri", mwanafunzi atalipata bila kuijua nahau. Vivyo hivyo, jibu lenye maneno 14 kati ya mengine yenye maneno 5 hujitaja lenyewe. Katika zoezi la kuoanisha, Orodha B izidi Orodha A kwa maana mbili au tatu, vinginevyo jozi ya mwisho hupatikana bure.

Je, kukariri orodha ndefu ya methali na maana zake kunatosha?

Kunatosha kwa swali linalouliza maana kama ilivyokaririwa. Hakutoshi swali likigeuzwa na kuanza na tukio, kama hili:

Juma alimwona fundi akishona suti nzuri, akasema kazi hiyo ni rahisi na kwamba hata yeye angeiweza. Fundi alimweleza kuwa alijifunza kwa miaka mingi chini ya fundi mwingine. Methali ipi inamfaa Juma?
A. Mchagua jembe si mkulima.
B. Ukiona vyaelea vimeundwa.
C. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
D. Mpanda ngazi hushuka.

Mwanafunzi aliyekariri huvutwa na C, kwa kuwa anaona jasho la fundi, na methali hiyo inahusu jasho. Lakini C humwambia mtu anayetaka kitu kwamba lazima ajishushe au ajitaabishe ili akipate, na Juma hataki kushona. Kosa lake ni kuiona kazi iliyokwisha na kutoiona taabu iliyoitangulia, kama mtu anayetazama vyombo vikielea baharini bila kufikiria waliokaa nchi kavu wakiviunda. Jibu ni B.